"Hela hairudi, soma bayo": namna ya kuliandika upya jibu la kumkatalia mteja hela yake

Mi nauza viatu vya kike mtandaoni, niko Dodoma, Nkuhungu, stoo yangu ni chumba kimoja tu na mzigo naufuata Kariakoo. Wateja wengi wako hapahapa mjini, Kisasa, Ilazo, wasichana wa vyuo, boda anawapelekea, na wengine wako Manyoni, Kondoa, Mpwapwa, hao nawapakilia kwenye basi. Mwaka wa kwanza mtu akitaka arudishiwe hela nilikua na jibu moja, "Hela hairudi, soma bayo", afu nazima data. Siku moja jibu hilo likapigwa skrinishoti likatembea kwenye grupu la wanachuo, na nilivyoliona limekaa pale peke yake bila mimi kuwepo kujitetea ndo nikajua linavyosomeka.

Ubaya wake haukua kukataa, kukataa kupo kwenye biashara. Ubaya ni kwamba halikumwambia mteja kitu chochote anachoweza kufanya, na mara nyingine lilikua linakataa kitu ambacho mi mwenyewe sikuwa na haki ya kukikataa. Kwaiyo mwongozo huu hauanzi na maneno matamu, unaanza na kujua nani ana kosa, afu hela, afu ndo maneno. Ukianza na maneno utaishia kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Nitatumia chati moja mwanzo mpaka mwisho. Dada mmoja wa Manyoni alinunua viatu vya mchuchumio, vyeusi, saizi 39, bei 48,000, akaongeza 5,000 ya basi, jumla kalipa 53,000. Kesho yake jioni akaandika:

"Dada viatu nimepata ila vinanibana sana, sijavivaa, naomba unirudishie hela yangu."

Na mi nilishaanza kuandika hivi:

"Mali ikishauzwa hairudishwi dia. Uliagiza 39 nimetuma 39."

Sikuituma. Tuanzie hapo.

Hatua ya kwanza: panda juu kwenye chati

Kabla hujajibu chochote rudi kwenye mazungumzo ya siku alipoagiza, soma kila ulichoandika wewe, sio alichoandika yeye tu. Mi nilivyopanda juu nikakuta kauliza, "Hizi zinakaa kawaida?" na mi nikamjibu "Ndio dia, saizi kamili". Nilijibu hivo bila kuangalia, nilikua jikoni. Nikachukua stoo kiatu kama kile, 39, nikapima ndani kwa futi ya fundi cherehani, nikakiweka pembeni ya 39 ya aina nyingine, ile ya mchuchumio imepungua karibu nusu sentimita. Yani nimetuma 39 iliyoandikwa 39 lakini sio 39 niliyomwahidi.

Hapa "mali ikishauzwa hairudishwi" haisimami hata uiandike kwa wino wa dhahabu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na hayo maelezo, na sisi wa mtandaoni tunauza kwa maelezo na picha tu, mteja hajashika kitu. Bango la dukani au sentensi ya kwenye bayo peke yake haitoshi kuifuta hiyo. Halafu kuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inampa mnunuzi wa mtandaoni nafasi ya kughairi ndani ya siku 7 tangu apokee mzigo kama hajafaidika nao, na gharama ya kuurudisha inaweza kuwa juu yake. Wengi wetu tunaandika "siku 2 tu" au "hakuna kurudisha" kwasababu tumeona kwa jirani kaandika, jirani nae kaona kwa jirani yake. Isome mwenyewe kabla hujapanga siku zako, na ujue mteja akikwama ana pa kupeleka malalamiko, Tume ya Ushindani kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji.

Ukishasoma chati, kesi yako itaangukia sehemu moja kati ya tatu. Kosa ni lako: saizi uliyosema siyo, rangi siyo, kimefika kimechanika, umetuma kingine. Au kosa ni la mteja: ulimshauri 40 akang'ang'ania 39. Au hakuna mwenye kosa, mtu kaghairi tu, kafika nyumbani kaona hakipendezi. Hizi tatu hazipati jibu moja, na kosa letu kubwa ni kwamba tunazipa jibu moja kwasababu tunalikopi na kulipesti.

Hatua ya pili: piga hesabu kwenye karatasi kabla hujashika simu

Ukijibu kabla ya hesabu utakua mkali kwasababu unaogopa hasara ambayo hata hujui ukubwa wake. Mi huwa naandika nyuma ya daftari la oda.

Kesi ya Manyoni, kosa langu. Nikimbadilishia nalipa basi la kurudisha 5,000 na basi la kupeleka 40 tena 5,000, jumla 10,000 inatoka mfukoni kwangu, ila mauzo yamebaki. Nikimrudishia hela, namtumia 53,000 yote aliyolipa, sio 48,000, maana ile 5,000 ya basi aliitoa kwasababu nilimwambia saizi kamili, na juu yake nampa 5,000 ya kunitumia mzigo. Inatoka 58,000, kiatu kinarudi stoo naweza kukiuza tena kwa 48,000, kwaiyo hasara ni ileile 10,000 pamoja na makato ya muamala, na mauzo nimeyapoteza. Inauma lakini inahesabika.

Ingekua kosa lake hesabu inageuka. Basi la kwanza limeshaliwa na basi, halirudi kwa mtu yeyote. Basi la kurudisha ni lake. Bei ya kiatu, 48,000, inarudi nzima.

Sasa hapa ndo watu wanapoharibu, wanakata "asilimia 30 ya usumbufu" au "elfu 10 ya kufungua mzigo". Kata kitu ambacho unaweza kumwonyesha risiti yake, nauli ya basi ina risiti, boda unaweza kumtaja, usumbufu hauna risiti. Mteja akiuliza "hiyo elfu 10 ni ya nini" na we huna jibu la sentensi moja, ujue hiyo sio ya kukata.

Hatua ya tatu: andika jibu, na angalia haya maneno

Jibu nililolituma ni hili:

"Pole dada kwa kubanwa. Na samahani, kosa ni langu, uliniuliza kama zinakaa kawaida nikakwambia ndio, nimepima sasa hivi nimeona zinakaa ndogo. Chagua wewe kati ya haya mawili. La kwanza, nakubadilishia, 40 nyeusi ninayo, nauli ya kurudisha na ya kukutumia nalipa mimi. La pili, nakurudishia hela yako yote 53,000 na naongeza 5,000 ya kunitumia mzigo. Kwa lolote utakalochagua naomba viatu viwe havijatembelewa nje na viwe kwenye boksi lake, uvipakie kwenye basi kabla ya Ijumaa jioni. Nikivipokea na kuviangalia, siku hiyohiyo natuma kwenye namba uliyolipia."

Neno la kwanza ni pole, la pili samahani, na hayo sio neno moja. Pole unampa mtu aliyepatwa na jambo hata kama huhusiki nalo, jirani kaugua unampa pole, hujamuumwisha wewe. Samahani ni kukubali kosa. Wauzaji wengi wanaogopa kuandika pole wakidhani wamekiri, wengine wanamwaga samahani kwa kila mtu hata asiye na haki, afu mteja anauliza, sasa kama unaomba samahani mbona hunipi hela? Kwenye kosa lako tumia yote mawili. Kwenye kosa la mteja tumia pole peke yake, inatosha na ni ya kweli.

Angalia na vitenzi. "Hairudishwi", "hairuhusiwi", "haiwezekani", hivo vyote havina mtu ndani yake, ni kama mlango uliofungwa na aliyeufunga kakimbia. Sheria za duka ni zako, umezitunga wewe, kwaiyo sema "narudisha", "nabadilisha", "siwezi kurudisha". Ukisema siwezi, utajikuta unalazimika kuongeza kwasababu, na hiyo kwasababu ndo mteja anaitafuta.

Alafu "kurudisha" lina pande mbili, anaerudisha kiatu ni mteja, anaerudisha hela ni wewe. Ukiandika "kurudisha ni ndani ya siku 3" hajui ni yeye ana siku 3 za kutuma au wewe una siku 3 za kulipa, na nimeshaona ugomvi wa wiki nzima kwasababu ya hapo tu. Taja kitu kila mara, urudishe viatu, nirudishe hela. Na siku zako zianzie mahali panapojulikana, maana "siku 7" za mzigo wa basi zinaanzia wapi? Basi linaweza kushusha Jumatatu afu mtu kauchukua ofisi ya basi Jumatano. Mi naandika "tangu siku uliyouchukua" kwasababu aliesaini daftari la mizigo ni yeye na tarehe ipo.

"Kiwe kipya" nalo halisaidii, kila mtu ana upya wake. Mteja lazima ajaribie kiatu, hiyo sio kuvaa. Andika anachotakiwa kufanya, ajaribie ndani kwenye zulia au kitanda, asikanyage nje. Hapa Dodoma tuna msaada ambao wa Dar hawana, vumbi letu halifichiki, kiatu kikikanyaga nje hata hatua kumi utaliona limekaa kwenye mistari ya soli na kwenye mshono, futa unavyotaka. Kwaiyo naomba picha mbili za soli, zipigwe mchana karibu na dirisha, kabla mtu hajapoteza nauli ya kunirudishia kitu nitakachokikataa. Picha nyingine naomba ya mkunjo wa juu pale vidole vinapopindia, kiatu kilichotembelewa kina mikunjo, kilichojaribiwa mara mbili hakina.

Na "dia", "kipenzi", "mrembo", yaondoe kabisa kwenye jibu la kukataa. Ukiuza yanapita, ukikataa yanageuka kejeli. "Mali hairudishwi kipenzi" inauma kuliko "mali hairudishwi". Mwite kama alivyokuita, kakuita dada mwite dada, kama ni mtu mzima na umemzoea kama mama basi ni mama, usimgeuze kuwa "mteja" ghafla siku ya ugomvi.

Nisisahau upande wa pili, maana nilipoacha ukali niliangukia kwenye sukari. Nilikua naandika, "Habari mteja wetu mpendwa, tunathamini sana uwepo wako, kwa masikitiko tunakujulisha kuwa kwa mujibu wa utaratibu wetu", mistari minne na mtu hajajua anapata hela au hapati. Hiyo ni "hela hairudi" iliyovaa suti. Jibu likae kwenye sentensi za mwanzo.

Kosa likiwa la mteja

Tuseme ningekua nimemwambia 40 akakataa. Jibu la zamani lingekua "Nilikwambia ukabisha, sasa unataka nini?" Ni kweli, lakini ni kumchapa mtu. Ukweli uleule unaandikika hivi:

"Pole dada, kiatu kikibana hakina raha. Jumatatu nilikushauri 40 kwasababu hizi zinakaa ndogo, ukachagua 39, kwahiyo nauli ya kubadilisha itakua juu yako, 5,000 ya kurudisha na 5,000 ya kukutumia. Kiatu chenyewe nakubadilishia bila kuongeza hata shilingi. Ukiona bora hela, nirudishie viatu ndani ya siku 7 tangu siku uliyovichukua, havijatembelewa, nakutumia 48,000. Ile 5,000 ya basi la kwanza siwezi kuirudisha kwasababu nilishalipa basi, risiti hii hapa."

Ona kwamba "ukachagua 39" ni tukio, "ukabisha" ni tabia. Andika tukio, na taja siku, ili apande juu kwenye chati aone mwenyewe. Usimtumie skrinishoti ya maneno yake mwanzoni, inaonekana kama ushahidi wa mahakamani, iweke mpaka akisema hujawahi kumshauri.

Pale ambapo jibu ni hapana kweli

Zipo. Nguo ya ndani iliyofunguliwa pakti, kitambaa kilichokatwa kwa kipimo chake, kiatu kilichoenda sendofu kikacheza usiku mzima kikarudi na soli imechubuka. Hapa usizunguke, weka hapana mapema na kwasababu moja:

"Dada, hivi siwezi kuvichukua wala kurudisha hela, kwasababu vimeshatembelewa, kwenye picha uliyotuma soli ina michubuko na vumbi, na nikivipokea siwezi kumuuzia mtu mwingine kama vipya. Ninachoweza, kama kinabana namfahamu fundi hapa mjini anatanua kwa kalibu, nitakupa namba yake."

Hiyo sentensi ya mwisho sio lazima, iweke ukiwa nacho kweli. Ahadi ya uongo ya "next time nitakupunguzia" kila mtu anaijua. Ila kuwa makini na kitu kimoja, kuchakaa sio kuharibika. Kisigino kikichomoka siku ya 12 mtu akitembea kawaida, huyo hajaghairi, huyo kauziwa kitu kibovu, na "siku 7 zimepita" sio jibu lake. Angalia palipochomoka: gundi ikiwa imekauka na kubanduka safi, au msumari ni mfupi haujashika, hilo ni la kiwandani, tengeneza au rudisha hela. Kikiwa kimevunjika katikati na kina alama ya kugongwa, ongea nae kwa hiyo picha.

Akiendelea kukusukuma

Atarudi, "we ni tapeli", "nakuposti". Rudia masharti yaleyale kwa maneno machache, na usiongeze sababu mpya. Ukianza na soli imechubuka, afu ukaja na boksi halipo, afu na bosi hajaruhusu wakati bosi ni wewe, kila sababu mpya inaifanya ya kwanza ionekane uongo. Mi naandika, "Nimekuelewa dada. Njia ni zile mbili za pale juu na zipo mpaka Ijumaa jioni. Ukipakia mzigo nitumie picha ya risiti ya basi." Basi. Akisema anaposti, aposti, jibu lako likisomwa na mtu wa tatu linajitetea lenyewe. Usimbloki katikati ya siku ulizompa, hapo umevunja ahadi wewe.

Na ukifika wakati wa kutuma hela, itume kwenye namba ileile iliyolipa, na baada ya mzigo kufika mkononi. Mtu akisema "nitumie kwa namba ya dada yangu", muulize kwanza kwa kumpigia namba iliyolipa, kuna watu wanashika simu zisizo zao.

Hatua ya mwisho inafanyika kabla ya yote

Haya masharti yakisomwa siku ya ugomvi yanaonekana umeyatunga siku hiyo, hata yawe ya haki namna gani. Kwenye bayo hakuna anaesoma, tusidanganyane. Yaweke sehemu ambayo mteja lazima apite, ujumbe unaotangulia Lipa Namba. Kwenye WhatsApp Business kuna majibu ya haraka, unalihifadhi mara moja afu ukiandika `/lipa` na kuligusa linatokea lote:

"Jumla ni 53,000, 48,000 kiatu na 5,000 basi. Kikibana au kisipokupendeza una siku 7 tangu siku uliyokichukua, kijaribie ndani usitoke nacho nje. Nikikosea mimi, nauli zote ni zangu. Ukighairi wewe, nauli ni zako na bei ya kiatu nakurudishia yote. Ukikubali andika SAWA ndo nitume namba ya kulipia."

Hiyo SAWA ndogo imenipunguzia kelele kuliko kitu chochote, maana ukipanda juu kwenye chati mnaikuta wote wawili.

Dada wa Manyoni alichagua 40. Alipakia Alhamisi, ukafika stendi ya Nanenane usiku nikaufuata asubuhi, soli safi, boksi limebonyea kidogo nikaliacha hivohivo. Mzigo wa 40 ukaondoka na basi la mchana. Nikaingia kwenye posti ya kile kiatu, chini ya bei nikaongeza "inakaa ndogo, chukua namba moja juu ya yako", na ile 39 ikaenda kwa msichana wa Ilazo anaevaa 38.